Sura ya mjadala inayorudia matokeo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watahini wa tasnifu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watahini wa ndani na wa nje, na wasimamizi wanaosoma tasnifu za umahiri katika elimu na isimu, ingawa mtahiniwa anayejiandaa kuwasilisha kazi yake naye anaweza kuyatumia kujikagua. Mfano unaofuatwa ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao unahusu lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania, kwa kuwa ni eneo ambalo maandiko yake ya awali ni mengi na mtahiniwa hana kisingizio cha kuyakosa.

Kurudia matokeo ni kufanya nini hasa?

Ni kuchukua kile ambacho jedwali limekwisha kusema kwa tarakimu na kukisema tena kwa maneno, kisha kupita kwenye jedwali linalofuata. Sentensi ya aina hiyo kwa kawaida huanza na "matokeo yanaonesha kwamba" na humalizika na "hii ina maana kwamba", lakini kinachofuata baada ya "ina maana" ni tarakimu ileile iliyobadilishwa vazi: asilimia 64 imekuwa "wengi", na asilimia 17 imekuwa "wachache". Msomaji hajaongezewa kitu.

Si kila marudio ni kosa, hata hivyo. Mjadala unahitaji kumkumbusha msomaji matokeo yanayojadiliwa, na sentensi moja au mbili za kukumbusha mwanzoni mwa kila hoja ni za lazima, hasa katika tasnifu yenye majedwali 20 au zaidi. Kosa linaanza pale ambapo ukumbusho ndio mjadala wenyewe.

Mfano unaotumika hapa ni upi?

Ni tasnifu tuliyoitunga ili isiwe ya mtu yeyote, lakini yeyote aliyewahi kutahini ataitambua sura yake. Mtahiniwa alikwenda katika shule nne za kata akiwa na hojaji na jaribio la ufahamu la Kiingereza lenye alama 30, akawapa wanafunzi 180 wa Kidato cha Pili. Katika hojaji, wanafunzi 116, yaani asilimia 64, walisema kwamba wanaelewa masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza "vizuri" au "vizuri sana". Katika jaribio, wanafunzi waliopata nusu ya alama au zaidi walikuwa 31 tu, yaani asilimia 17. Miongoni mwa wale 116 waliojisifu, 27 walifikia nusu. Miongoni mwa 64 waliokiri kwamba hawaelewi vizuri, walifikia 4.

Katika Sura ya Pili, mtahiniwa ameeleza vizuri kabisa ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984, iliyopima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukadiria kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa katika kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingetarajiwa kuanza kuwezekana. Ametaja pia Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, ambayo mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985, pendekezo ambalo serikali haikulitekeleza. Ametaja hata tofauti aliyoiweka Cummins mwaka 1979 kati ya umilisi wa lugha ya mazungumzo ya kila siku na umilisi wa lugha ya kitaaluma.

Halafu inakuja sura ya mjadala, na hao wote hawaonekani tena. Aya yake ya kwanza inasomeka hivi: "Matokeo yanaonesha kwamba asilimia 64 ya wanafunzi wanaelewa masomo kwa Kiingereza vizuri au vizuri sana. Hii ina maana kwamba wanafunzi wengi wanaelewa Kiingereza. Hata hivyo, asilimia 17 tu walifaulu jaribio. Hii ina maana kwamba wanafunzi wengi hawakufaulu jaribio."

Tazama kwamba aya hiyo inajipinga yenyewe, na aliyeiandika hakushtuka. Ndilo dhara la kurudia matokeo: mwandishi anayetafsiri majedwali kwa maneno, moja baada ya jingine, hapati nafasi ya kuona kwamba majedwali mawili yanagombana.

Nitatambuaje kwamba sura nzima iko hivyo, wala si aya moja tu?

Soma sura ya mjadala ukiwa na kalamu, na pembeni mwa kila sentensi andika herufi moja: M kwa sentensi inayotaja matokeo, A kwa inayoleta andiko la awali, na F kwa inayofafanua kwa nini matokeo yako yalivyo au yanabadilisha nini. Huna haja ya kuhesabu kwa usahihi wa karani. Ukiona kurasa tatu mfululizo zenye M pekee, jibu umelipata. Ukiona M, A, M, A bila F yoyote, una tatizo la aina nyingine, ambalo linajibiwa katika swali linalofuata.

Hatua ya pili ni kufungua Sura ya Pili na kuorodhesha maandiko matano au sita ambayo mtahiniwa mwenyewe aliyaita ya msingi, hususan yale aliyoyatumia kuonesha pengo la maarifa, kisha kuyatafuta katika mjadala. Andiko lililotumika kuhalalisha utafiti lina deni la kurudi mwishoni. Kama Criper na Dodd walikuwa na kurasa mbili katika mapitio na hawana hata mstari mmoja katika mjadala, mtahini anaweza kuandika jambo hilo bila kusitasita, kwa sababu halitokani na mapendeleo yake. Linatokana na ahadi ya mtahiniwa mwenyewe.

Mtahiniwa ameweka marejeleo mengi katika mjadala. Je, hiyo si kuhusisha?

Huenda ikawa, huenda isiwe. Sentensi inayowadanganya watahini wengi ni ile isemayo "matokeo haya yanalandana na ya fulani", yenye jina na mwaka mwishoni. Jaribu kuliondoa jina hilo na kuweka jina la mtafiti mwingine yeyote wa eneo hilohilo. Kama sentensi inabaki kusimama bila kubadilika neno, basi rejeleo hilo ni pambo. Sentensi inayohusisha kwa kweli haikubali kubadilishwa jina, kwa kuwa ndani yake kuna kitu ambacho ni cha andiko hilo peke yake: walimpima nani, kwa chombo gani, wakati gani, na walifikia kikomo gani.

Kuna pambo jingine la hatari zaidi, nalo ni ulinganishaji wa tarakimu zisizolingana. Katika tasnifu yetu ya mfano, mtahiniwa aliyeambiwa "husisha na maandiko" anaweza kurudi na sentensi hii: "Criper na Dodd (1984) walipata asilimia 10, na utafiti huu umepata asilimia 17, hivyo kiwango cha Kiingereza kimepanda." Inaonekana nzuri. Ina rejeleo, ina ulinganisho, ina hata hitimisho. Lakini wale walikuwa Kidato cha Nne na hawa ni Kidato cha Pili. Majaribio ni tofauti. Kizingiti cha wale kilikuwa uwezo wa kuanza kusoma kwa Kiingereza, ilhali cha huyu ni nusu ya alama, ambacho alikichagua mwenyewe. Na shule nne za kata haziwakilishi taifa. Mtahini anayepitisha sentensi hiyo kwa furaha ya kuona rejeleo amefanya kosa kubwa kuliko la mtahiniwa.

Basi mjadala halisi wa matokeo hayo ungekuwaje?

Ungeanzia kwenye mgongano, kwa maana hapo ndipo penye jambo la kusema. Kwa nini wanafunzi 116 waseme wanaelewa, na 27 tu kati yao wafikie nusu ya alama?

Maelezo ya kwanza yanapatikana katika tofauti ya Cummins. Mwanafunzi anapoulizwa kama anaelewa masomo, anafikiria darasa lake lilivyo: mwalimu anasoma ubaoni kwa Kiingereza, anafafanua kwa Kiswahili, anauliza "tumeelewana?", na darasa linajibu ndiyo. Kwa maana hiyo, anaelewa kweli. Jaribio la ufahamu, kwa upande wake, limemnyima ule ufafanuzi wa Kiswahili na kumwacha peke yake na matini. Hojaji na jaribio havikupima kitu kimoja, na mtahiniwa anayeliona hilo ameanza kujadili. Anapaswa pia kusema kwamba maelezo haya ni dhana ambayo data yake haiwezi kuithibitisha, kwa kuwa hakuingia darasani kushuhudia ufundishaji.

Hatua ya pili ni kutazama zile tarakimu ndogo ambazo sura ya marudio ingezipita. Waliojisifu walifikia nusu kwa kiwango cha asilimia 23, na waliokiri udhaifu kwa asilimia 6. Kwa hiyo kujitathmini kwa wanafunzi si upuuzi mtupu: kunatofautisha makundi mawili kwa kiasi fulani, lakini kunakuza mno uwezo halisi. Hapo ndipo Criper na Dodd wanapoingia kwa haki, si kwa asilimia 10 yao, bali kwa njia yao. Wao walipima, hawakutosheka na kuwauliza watu wanavyojiona. Mtahiniwa anaweza kuandika kwamba laiti angetumia hojaji peke yake, angefikia picha iliyo kinyume kabisa na ya 1984, na kwamba tafiti zinazotegemea hojaji tupu kuhusu uelewa wa Kiingereza zinapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo. Huo ni mchango mdogo, lakini ni mchango, na haukuwepo katika jedwali lolote.

Hatua ya tatu ni wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliopata nafasi ya sekondari walikuwa sehemu ndogo sana ya waliomaliza darasa la saba, yaani waliochujwa. Shule za kata ziliongezeka kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, na wanafunzi wanaoingia sasa hawakuchujwa kwa namna ileile. Mtahiniwa makini atasema kwamba hata kama majaribio yangekuwa sawa, makundi mawili hayo yasingelinganishwa moja kwa moja. Ukitaka kujua kama mtu amesoma andiko la awali au amesoma muhtasari wake tu, angalia kama anajua lilihusu watu gani.

Mjadala wa namna hii unachukua kurasa mbili au tatu kwa matokeo mawili. Ndiyo maana sura yenye majedwali 25 na "mjadala" wa kila jedwali haiwezi kuwa na mjadala wa kweli. Mwandishi analazimika kuchagua matokeo matatu au manne yanayojibu maswali ya utafiti.

Tasnifu imeunganisha matokeo na mjadala katika Sura ya Nne. Nihukumu vipi?

Kwa kigezo kilekile. Muundo huo umezoeleka katika vyuo vyetu, na una faida ya kuweka ufafanuzi karibu na data. Hasara yake ni kwamba jedwali likiwa juu na maelezo yake chini, mwandishi huvutwa kulisimulia jedwali. Herufi za M, A na F zinafanya kazi hapa pia, ila utarajie M nyingi zaidi, na utafute F mwishoni mwa kila sehemu ndogo. Si haki kumwagiza mtahiniwa atenganishe sura kama mwongozo wa chuo chake unaruhusu kuziunganisha.

Mtahiniwa anadai kwamba hakuna andiko la awali kuhusu mada yake.

Mara nyingi anachomaanisha ni kwamba hakuna andiko kuhusu wilaya yake. Pengo la mahali si pengo la maandiko. Kama hakuna aliyewahi kupima wanafunzi wa shule hizo nne, wapo waliopima wanafunzi wa kwingine, na ipo nadharia iliyotabiri wangekuwaje. Kiunzi cha nadharia nacho ni andiko la awali, na ajabu ni kwamba ndicho kinachosahaulika zaidi katika mjadala: kinaelezwa kwa kurasa nane katika Sura ya Pili, kisha kinazikwa bila matanga.

Je, tasnifu ya kimaelezo, yenye usaili na ushuhudiaji, nayo inahukumiwa hivyo?

Hapa mtahini apunguze haraka. Katika utafiti wa kimaelezo, kueleza kwa kina kile kilichosemwa ni sehemu ya uchambuzi, na nukuu ndefu si marudio. Swali la kuuliza ni kama dhamira zilizoibuliwa zimewahi kukutanishwa na dhamira za watafiti wengine. Katika mada yetu, mwalimu akisema "nikifundisha Kiingereza kitupu, nabaki najifundisha mwenyewe", nukuu hiyo ina nguvu yake. Lakini mtahiniwa akiirudia chini yake kwa kusema "mwalimu huyu alieleza kwamba akitumia Kiingereza kitupu wanafunzi hawamfuati", amefanya kosa lilelile la asilimia 64 kuitwa "wengi".

Kosa hili ni la marekebisho madogo, makubwa, au la kuwasilisha upya?

Mwongozo wa chuo ndio unaotangulia, na majina ya madaraja hutofautiana. Ndani ya mipaka hiyo, mimi hujiuliza kama data inatosha kubeba mjadala ambao haujaandikwa. Katika tasnifu ya mfano inatosha: kuna hojaji, kuna jaribio, na majibu yote mawili yanatoka kwa wanafunzi walewale. Kinachokosekana ni kuandika sura moja upya bila kurudi uwandani. Hayo ni marekebisho makubwa, si kushindwa. Ningependekeza awasilishe upya endapo mjadala ungefichua kwamba hojaji na jaribio vilifanywa na wanafunzi tofauti, maana hapo ule mgongano wenyewe usingeweza kuchunguzwa.

Kuyaita "marekebisho madogo" ili kumwonea mtahiniwa huruma ni kumponza. Marekebisho madogo hupewa muda mfupi na huhakikiwa na msimamizi au mtahini wa ndani peke yake, na sura nzima ikiandikwa upya kwa wiki chache matokeo yake yanajulikana.

Niandikeje maoni yangu katika ripoti?

Maoni kama "mjadala ni dhaifu, uboreshwe" hayamsaidii yeyote, na yanamruhusu mtahiniwa kuongeza vivumishi na kuamini ameboresha. Taja ukurasa, taja matokeo, taja andiko lililomo tayari katika Sura ya Pili, na uliza swali ambalo mjadala ulipaswa kulijibu. Kwa mfano: "Katika aya ya kwanza ya mjadala, matokeo ya hojaji (asilimia 64) na ya jaribio (asilimia 17) yametajwa bila kuelezwa kwa nini yanatofautiana. Mtahiniwa aeleze tofauti hiyo kwa kutumia mgawanyo wa Cummins alioueleza katika Sura ya Pili, na aoneshe ni kwa kiasi gani matokeo yake yanaweza, au hayawezi, kulinganishwa na ya Criper na Dodd, akizingatia kidato, chombo cha kupimia na namna wanafunzi walivyopatikana."

Maoni mawili au matatu ya kina hicho yanatosha. Baada ya hapo andika kwamba kasoro hiyo inajirudia katika sehemu nyingine na utaje kurasa zake; si kazi ya mtahini kuandika mjadala wote kwa niaba ya mtahiniwa.

Jambo la kutahadhari: usimwagize atumie maandiko yako wewe, isipokuwa kama kuyaacha kunaharibu hoja yake. Watahiniwa hutii maagizo ya aina hiyo kwa woga, na mjadala unapata pambo jingine.

Nimuulize nini katika utetezi wa tasnifu?

Mwombe afunge tasnifu yake na akuambie ni matokeo gani yalimshangaza, na yalimshangaza kwa kulinganisha na nini. Mtahiniwa anayeyajua maandiko yake atakujibu mara moja, na mara nyingine utagundua kwamba mjadala alikuwa nao kichwani tangu mwanzo ila aliogopa kuuandika. Wapo wanaodhani kwamba kusema "matokeo yangu hayakubaliani na ya fulani" ni kumvunjia heshima mtafiti aliyewatangulia, hasa kama mtafiti huyo ameketi kwenye jopo. Jibu la namna hiyo lirekodiwe katika kumbukumbu za kikao, kwa sababu linabadilisha uzito wa kasoro: aliyekuwa na hoja asiiandike si sawa na asiyekuwa nayo.

Anayejibu kwa kusoma tena asilimia zake naye amekujibu.

Toleo lililorekebishwa limerudi na marejeleo mapya 40 katika mjadala. Nilipokee?

Usihesabu marejeleo. Chukua yale matokeo uliyoyatolea maoni na usome aya zake tu, ukiwa na ile kalamu ya M, A na F. Kisha chagua marejeleo mapya matatu kwa kubahatisha, na ufungue maandiko yenyewe uone kama yalisema kile anachodai. Mtahiniwa aliyepewa muda mfupi huokota marejeleo kutoka mapitio ya watu wengine bila kuyasoma, na dalili yake ni kwamba andiko jipya linatajwa katika mjadala lakini halimo katika Sura ya Pili, na wakati mwingine halimo hata katika orodha ya marejeleo. Andiko jipya katika mjadala si kosa lenyewe, maana matokeo yasiyotarajiwa humlazimisha mtafiti kusoma upya. Lakini andiko 1 au 2 ya namna hiyo yanaeleweka, ilhali 40 yanahitaji maelezo.

Ukikuta aya ya hojaji na jaribio sasa inaeleza kwa nini wanafunzi 27 kati ya 116 ndio waliofikia nusu, na inamtaja Cummins peke yake, lipokee toleo hilo hata kama marejeleo mengine yote hayakuongezeka.